Ekari, ekitari, na mistari 54 ya mahindi

Katika Kiswahili chetu cha pwani ya magharibi ya Ziwa Tanganyika, neno ekitari lina silabi nne. Katika Kiswahili cha ng'ambo, upande wa Kigoma, neno ekari lina silabi tatu. Yote mawili yanaanza na e, yanaishia na -ari, na mkazo wa sauti unaangukia silabi ya mwisho kasoro moja, kama kawaida ya lugha yetu. Mtu akisema haraka sokoni, au akisoma karatasi iliyolowa maji, tofauti inabaki silabi moja katikati. Lakini ardhi inayotajwa si ile ile. Ekitari yetu ni mita za mraba 10,000. Ekari yao ni mita za mraba 4,047, kwa kukaribisha. Silabi moja inabeba zaidi ya nusu ya shamba.

Nimechagua kuandika juu ya jambo hili kwa sababu mbili. Ya kwanza ni ya darasani: tunapofundishwa utohozi, yaani namna neno la kigeni linavyovalishwa nguo za lugha inayolipokea, mifano yetu huishia kwenye sauti. Tunaonyesha irabu iliyoongezwa, konsonanti iliyodondoshwa, halafu tunafunga daftari. Tunasahau kuuliza kama maana imevuka mpaka pamoja na sauti. Sababu ya pili ni ya nyumbani, nayo ni nzito zaidi, maana silabi hiyo moja ilikaribia kumfanya mama mmoja wa kwetu aitwe mwizi.

Baba mdogo wangu analima pamoja na familia nyingine tano katika kijiji kisicho mbali na Kalemie. Walichanga pesa, wakapata shamba moja, wakaamua kujaribu mbegu bora ya mahindi iliyoletwa na wafanyabiashara wanaovuka ziwa. Pamoja na mbegu walipewa karatasi ya maelezo, imeandikwa kwa Kiswahili kizuri cha Tanzania. Karatasi ilisema hivi: kilo 10 za mbegu kwa ekari, mistari iachane sentimita 75, mashimo yaachane sentimita 60, mbegu tatu kwa kila shimo, kisha mimea ipunguzwe ibaki miwili. Mbolea ya kupandia, mfuko mmoja wa kilo 50 kwa ekari.

Shamba lao lilikuwa la mita 100 kwa mita 100. Wakanunua pakiti tano za kilo mbili mbili. Wakampa mama mmoja wa kikundi, mjane, azitunze nyumbani kwake kwa siku nane wakingoja mvua. Siku ya kupanda walifuata karatasi bila kupunguza wala kuongeza. Mbegu zikaisha kwenye mstari wa 54. Shamba lote lilihitaji mistari 133.

Nilipofika likizo, maneno yalikuwa yamekwisha kuwa mengi. Hakuna aliyemshitaki mama yule waziwazi, lakini watu walikuwa wamepunguza kumsalimia. Baba mdogo aliniambia usiku, kwa sauti ya chini: "Mwanangu, karatasi iliandika kilo kumi kwa ekitari moja. Siye tuko na ekitari moja. Kilo kumi zote zimeingia, na shamba halijafika hata nusu. Sasa ile nyingine imeenda wapi?"

Niliomba nione karatasi. Haikuandika ekitari. Iliandika ekari, mara saba, kwa herufi zilizo wazi. Lakini aliyewasomea wenzake, kijana aliyemaliza shule ya sekondari na anayejua kusoma vizuri, alitamka ekitari mara zote saba. Nilipomwonyesha alinijibu jibu ambalo nimelitafakari sana tangu siku ile: "Kaka, niliona wamekosea kuandika. Watanzania wanafupisha maneno."

Jibu hilo si la ujinga. Ni kazi ya kawaida ya msomaji. Sisi sote, tukikutana na neno tusilolijua lililo karibu sana na neno tunalolijua, tunasahihisha lile geni ili lifanane na letu. Kijana yule hajawahi kuishi mahali ambapo ekari inatumika. Kwetu ofisi za ardhi zimehesabu kwa ari na hekitari tangu enzi za Wabelgiji, na hati za mashamba zinaandikwa hivyo hadi leo. Katika kichwa chake palikuwa na nafasi moja tu ya kipimo cha shamba kinachoishia na -ari, na nafasi hiyo ilikuwa imekwisha kukaliwa.

Tuangalie basi maneno haya mawili yalivyotufikia. La kwetu limetoka katika Kifaransa. Mfaransa haitamki h ya mwanzo, kwa hiyo sisi hatukuipokea. Katikati yake zimekutana konsonanti mbili, k na t, mkutano ambao midomo yetu haiupendi, tukaweka i kati yake. Mwishoni pana r iliyobaki peke yake, tukaipa irabu ya kuiegemea. Hivyo tukapata e-ki-ta-ri. La wenzetu limetoka katika Kiingereza. Nchini Kenya wanasema eka, karibu kabisa na jinsi Mwingereza wa Londoni anavyolitamka. Nchini Tanzania wanasema ekari, na r ambayo Mwingereza huyo haitamki lakini huiandika. Kwa hiyo maneno mawili ambayo Ulaya hayafanani kwa sauti wala kwa asili yamepita katika kinu kimoja cha silabi zetu, na yametoka yakiwa kama ndugu wa tumbo moja.

Nao si ndugu. Ekitari ni neno lililotungwa mezani. Mwaka 1795, wakati wa mapinduzi yao, Wafaransa walitunga sheria ya vipimo vipya. Kwa ardhi waliweka ari, mraba wenye mita 10 kila upande, na jina lake walilichukua katika neno la Kilatini lenye maana ya eneo. Kisha wakaunganisha nalo kiambishi chenye asili ya Kigiriki kinachomaanisha mia. Hekitari ni ari mia, basi. Neno hili halikuwahi kuwa na maisha mengine kabla ya hapo: lilizaliwa likiwa na namba mkononi.

Ekari ni mzee zaidi, na alizaliwa shambani. Katika Kiingereza cha kale neno hilo lilimaanisha shamba tu, bila kipimo chochote. Kijerumani na Kilatini yana maneno ya ukoo huo huo yenye maana hiyo hiyo. Baadaye likaja kumaanisha kipande ambacho ng'ombe wa kulima, wakiwa chini ya nira, wanaweza kukimaliza kwa siku moja. Ndiyo maana ekari ya zamani haikuwa mraba. Ilikuwa utepe mrefu, yadi 220 kwa urefu na yadi 22 kwa upana, yaani takriban mita 201 kwa mita 20. Kugeuza jembe zito linalovutwa na ng'ombe ni kazi ngumu, kwa hiyo mkulima alipendelea mfereji mrefu na kugeuka mara chache. Umbo la ekari ni alama ya jasho la mnyama.

Hapa ndipo swali letu linapoanza kuwa la kiisimu kweli. Neno linalotaja kazi ya siku haliwezi kutaja kiasi kimoja kila mahali, kwa sababu udongo hauko mmoja. Kwa hiyo watawala wa Uingereza walijaribu kulifunga: ekari ikawa fimbo 160 za mraba. Ungedhani sasa mambo yametulia. Lakini fimbo yenyewe ni neno jingine. Kwa sheria ya Uingereza, fimbo ya kupimia ardhi ilikuwa yadi tano na nusu. Ailandi walitumia fimbo ya yadi saba. Watu wa Ailandi nao walisema ekari ni fimbo 160 za mraba, neno kwa neno kama Waingereza, lakini ekari yao ilikuwa mita za mraba 6,555 badala ya 4,047. Watu wawili wangeweza kuelewana katika kila neno la maelezo, waandike mkataba, watie sahihi, na kila mmoja aende zake na shamba tofauti kichwani.

Jambo hilo linanifundisha kitu kuhusu maelezo ya maana katika kamusi. Tunadhani kwamba tukilieleza neno kwa maneno mengine tumelifunga. Kwa vipimo, hapana. Tumeihamisha tu shaka kutoka neno la kwanza kwenda neno la pili. Shaka inakoma pale tu mnyororo wa maneno unapofika kwenye kitu: fimbo yenyewe iliyowekwa mahali, kamba yenyewe, chombo chenyewe, na mamlaka inayosema kwamba hiki ndicho.

Mfano wa galoni unaonyesha hili wazi zaidi, maana hapa hata tahajia haibadiliki. Mmarekani na Mwingereza wanaandika neno lile lile kwa herufi zile zile. Ya Mmarekani ni lita 3.79. Ya Mwingereza ni lita 4.55. Wengi hufikiri kwamba Wamarekani waliipunguza. Sivyo. Uingereza ya zamani ilikuwa na galoni zaidi ya moja, kila moja na bidhaa yake: galoni ya divai, galoni ya bia iliyokuwa kubwa zaidi, na galoni ya nafaka. Mwanzoni mwa karne ya 18, chini ya Malkia Ana, galoni ya divai iliwekwa na sheria kuwa inchi za ujazo 231. Makoloni ya Amerika yaliitumia hiyo, na yalipojitenga mwaka 1776 yaliondoka nayo. Mwaka 1824 Waingereza waliamua kufuta galoni zao zote na kuweka moja mpya: nafasi inayojazwa na ratili 10 za maji kwa joto lililotajwa. Waliobadilisha ni waliobaki nyumbani. Waliohama walihifadhi ya zamani.

Kwa mwanafunzi wa lugha za Kiafrika hili halishangazi. Tumelisoma mara nyingi katika historia ya maneno ya kawaida: lahaja iliyohamia mbali huweka mara nyingine umbo la kale ambalo kitovu kimekwisha kuliacha. Tofauti ni kwamba neno la kawaida likihifadhiwa hivyo, tunapata mada ya utafiti. Galoni ikihifadhiwa hivyo, mtu anayenunua mapipa ya mafuta kwa galoni 100 atapokea lita 379 au lita 455, na bei ni moja kwenye karatasi.

Mtu ataniambia: ndiyo sababu tuna lita na hekitari, vipimo vya sayansi, ambavyo havina ukabila. Nami nakubali kwamba vimetupunguzia ugomvi mwingi. Lakini hata lita imewahi kuwa na maana mbili. Mwaka 1795 ilikuwa desimita moja ya ujazo, yaani sanduku la sentimita 10 kila upande. Mwaka 1901 mkutano mkuu wa kimataifa wa vipimo uliamua lita iwe nafasi ya kilo moja ya maji safi kwenye joto ambalo maji yanakuwa mazito kabisa. Walitegemea mambo hayo mawili yawe sawa. Hayakuwa sawa kabisa. Lita ya 1901 ilizidi ile ya kwanza kwa sehemu 28 katika milioni. Ni kiasi kidogo: katika lita 1,000 za maji ni kama vijiko viwili vya kulia chakula. Hakuna mama wa sokoni angeweza kuiona. Lakini wapimaji wa maabara waliiona, na mwaka 1964 mkutano huo huo ukairudisha lita kwenye desimita ya ujazo. Kwa miaka 63 neno lilibaki lile lile, na chombo kilikuwa kingine.

Kwa hiyo hata neno lililozaliwa na namba mkononi halishiki namba hiyo lenyewe. Namba inashikwa na watu waliokubaliana, na watu hao wanaweza kukaa tena wakakubaliana vingine. Tofauti kati ya lita na meka ya unga tunayonunua hapa Lubumbashi si kwamba moja ni neno thabiti na jingine ni neno legelege. Ni kwamba waliokubaliana juu ya lita wana mkutano, tarehe na karatasi. Waliokubaliana juu ya meka ni mama muuzaji na wateja wake, mbele ya chombo kimoja, katika soko moja. Ukivuka kwenda soko jingine, chombo kinaweza kuwa na kitako kilichogongwa kikaingia ndani, au unga ukajazwa hadi kuwa kilima badala ya kusawazishwa kwa kiganja. Neno linabaki meka. Na mnunuzi mzoefu hasikilizi neno. Anaangalia kitako.

Lugha za Kibantu nazo zimetoa neno la namna hii ya ekari, na liko jirani tu na sisi. Nchini Zambia wakulima na maofisa wa kilimo wanatumia kipimo kinachoitwa lima. Lima moja ni robo ya hekitari, mita 50 kwa mita 50. Kila msomaji wa jarida hili analitambua neno hilo bila kamusi: ni shina la kulima, ambalo Mbemba analo katika ukulima na Muluba wa Kasayi katika kudima. Neno la kazi limekuwa neno la eneo, njia ile ile iliyopitwa na ekari ya Waingereza karne nyingi nyuma. Lakini angalia hatari yake kwa Mswahili. Mtu wa hapa akiona katika karatasi ya Zambia maneno "mifuko miwili, lima moja", anaweza kuisoma lima kama kitenzi, kama amri. Hapa neno halijafanana na kipimo chetu kingine. Limejificha nyuma ya kitenzi chetu.

Turudi sasa kwenye mistari 54, maana nilisema kuna mtu aliyekuwa anangoja.

Kuwaambia wazee kwamba ekari si ekitari haikutosha. Kwao hayo yalikuwa maneno ya chuo dhidi ya mfuko mtupu. Mzee mmoja alisema, na alikuwa na haki: "Unaweza kuwa na ukweli juu ya neno, na mbegu bado zikawa zimeibiwa." Ilibidi mbegu zenyewe zitoe ushahidi, bila kupitia neno lolote.

Kwanza tulipima shamba upya, tusije tukahesabu juu ya uongo. Tulichukua kamba ya mita 50, tukahakikisha pembe kwa pembetatu ya mita 3, 4 na 5, kama mafundi ujenzi wanavyofanya wanapoweka msingi. Pande zote zilikuwa mita 100, kukosea kwa hatua moja tu upande mmoja. Kisha tulitembea katika mistari. Mahindi yalikuwa yamefika kwenye kifundo cha mguu na hayajapunguzwa bado, kwa hiyo ushahidi ulikuwa umesimama wima. Mistari iliachana sentimita 75. Katika mstari mmoja tulihesabu mashimo 167, na karibu kila shimo lilikuwa na mimea mitatu. Palipokosekana mmoja tulikuta mbegu iliyooza. Waliopanda hawakuweka mbegu nne kwa uvivu wala mbili kwa ubahili.

Halafu tulinunua pakiti moja ya mbegu ile ile. Wadogo zangu walihesabu mbegu 1,000 kwa mafungu ya kumi kumi, tukaenda kuzipima kwenye mizani ya muuza samaki. Zilikuwa gramu 370. Kuanzia hapo hesabu inajiendea yenyewe. Kilo 10 ni mbegu 27,000 na kidogo. Kwa mbegu tatu kila shimo, ni mashimo 9,000. Kwa mashimo 167 kila mstari, ni mistari 54.

Nilirudia hesabu hiyo mbele ya wote, kwa kijiti juu ya mchanga, na nikamwomba yule mzee aliyeshuku afanye mgawanyo wa mwisho yeye mwenyewe. Alipata 54 bila mimi kumwambia. Kama mama yule angechukua hata kilo moja, upandaji ungekoma mistari mitano kabla. Kilo zote 10 zilikuwa ardhini, zimeota, zinaonekana.

Na hapo tu ndipo neno lilipopata kusikilizwa. Kila mstari una eneo la mita za mraba 75. Mistari 54 ni mita za mraba 4,050. Yaani watu wa kijiji chetu, kwa kamba, kwa mikono na bila kujua, walikuwa wamepima ekari moja ya Kiingereza ndani ya ekitari yao, na makosa yao hayakuzidi mita chache za mraba. Karatasi haikudanganya. Mama hakuiba. Muuzaji hakupunja. Kila mmoja alisema kweli katika Kiswahili chake.

Baba mdogo na yule mzee walikwenda kwa mama yule jioni ile ile. Sikuwapo, na haikufaa niwepo. Ninachojua ni kwamba aliwajibu kuwa zawadi ya kuku wataila pamoja, lakini kuanzia msimu ujao mbegu zitatunzwa na mtu mwingine.

Kulikuwa na faida moja iliyobaki. Mbolea ilikuwa bado haijanunuliwa, nao walikuwa wamepanga mfuko mmoja kwa shamba zima, kwa usomaji ule ule wa ekitari. Ingekuwa hivyo, shamba lote lingepata chini ya nusu ya kipimo, mahindi yangekuwa ya manjano na membamba, na safari hii hakuna ambaye angejua kwa nini. Mbegu zikiisha, zinaisha mbele ya macho, ila mbolea iliyotawanywa kidogo kidogo haionyeshi mahali ilipokosekana. Ndiyo maana naona kosa la mbegu lilikuwa afadhali: lilikuwa na mstari wa 54, lilikuwa na alama. Makosa mengi ya vipimo hayana alama.

Nimeulizwa na mwenzangu wa darasa kama suluhisho si kulisanifisha neno, tuchague moja, Bara na Kongo, tufute jingine. Sidhani. Ekari haitafutwa Tanzania, ijapokuwa nchi ile ilikwisha kuingia katika mfumo wa mita, kwa sababu viwanja vimegawanywa kwayo, bei zinatajwa kwayo, na mkulima anajua kwa miguu yake ukubwa wake. Ekitari nayo haitafutwa kwetu. Kiswahili ni lugha ya nchi nyingi, na nchi hizo zilitawaliwa na watu waliopima dunia kwa fimbo tofauti. Tutaendelea kuwa na maneno yote mawili katika lugha moja.

Kinachowezekana ni kazi yetu sisi, wanaoandika kamusi na wanaotafsiri maelezo. Kamusi inayosema kwamba ekari ni kipimo cha ardhi imesema kweli na haijasaidia mtu. Inapaswa kusema ni mita za mraba ngapi, inatumika upande gani wa ziwa, na kwamba isichanganywe na hekitari. Chini ya galoni inapaswa kuuliza: ya nani? Mfasiri anayehamisha karatasi ya kilimo kutoka Morogoro kwenda Kalemie asidhani kwamba hana kazi kwa kuwa lugha ni moja. Anayo kazi, na iko katika maneno yanayoonekana kuwa hayahitaji tafsiri.

Kwa karatasi ile ya mbegu, nilikaa na kijana aliyeisoma, tukaiandika upya kwa ajili ya kikundi. Hatukutumia ekari wala ekitari. Tuliandika: kwa kila mistari 10 yenye urefu wa mita 100, chukua mbegu kilo moja na gramu 850, kwa kila shimo, kizibo kimoja cha soda cha mbolea. Alinikumbusha tuongeze urefu wa kamba na nafasi kati ya mistari, maana, alisema, hata neno mstari mtu anaweza kulisikia vingine. Tukaandika pia namba hizo, sentimita 75 na mita 100, na pembeni yake tukachora kamba.